Gari imekufa, bima imelipa kidogo kuliko deni la benki. GAP inafunika nini hasa? (tulio Marekani)

Mwanaziwa_Houston
Wakuu habari za jioni. Naomba aliyewahi kupitia hili anisaidie maana nimechanganyikiwa. Gari yangu iliingia kwenye mafuriko hapa Houston, maji yalipanda mpaka dashibodi, bima wamekuja wamepiga picha wakasema haitengenezeki, imekufa kabisa. Bima yangu ni kubwa nikajua basi nimepona, kumbe ngoma ndio inaanza.

Gari ilikuwa yuzdi, bei 24,000. Nilikuwa na gari ya zamani ambayo bado nadaiwa 4,000 zaidi ya bei waliyoinunulia, dila akasema usijali tunaibebesha humu humu. Kodi na makaratasi 1,900, waranti ya kuongeza 2,400, na hii GAP, ile ya kulipa tofauti kati ya bima na deni gari ikifa, 900. Nilitoa keshi 1,000. Kwa hiyo mkopo ukawa 32,200, miezi 72, riba asilimia 12.9, nalipa kama 645 kwa mwezi. Imepita miezi 14 ila kuna miwili kazi zilikata nikaomba benki wakaniruhusu kuiruka kwa barua kabisa.

Sasa bima wanasema thamani ya gari siku ile ni 19,600. Wakatoa 700 eti bampa ya nyuma ilikuwa imebonyea kabla ya mafuriko, wakatoa na didaktibo yangu 1,000, yaani sehemu ninayojibebea mwenyewe, benki wametumiwa 17,900. Nimepiga benki wanasema kumaliza deni ni 29,000, kwa hiyo nadaiwa 11,100 ya gari ambayo iko kwenye yadi ya skrepa. Swali langu ni moja, GAP inafuta hiyo 11,100 yote? Na mwezi huu sijalipa maana gari haipo, nadhani ni sawa?

Kijana_wa_Temeke
Pole sana mkuu. Lala usingizi, GAP kazi yake ndio hiyo hiyo, inachukua deni lote lililobaki inalifuta. Bro wangu Atlanta ilimtokea, hakulipa hata senti. Wewe jaza fomu tu subiri.

Njeri_Thika
Pole bro. Hapa Kenya ukichukua gari kwa benki wanakukata bima ya mkopo tangu mwanzo, kwa hivyo huwezi kubaki na deni, benki inalipwa na hiyo bima. Angalia kwa karatasi zako, lazima iko.

Madai_Minneapolis
Mwanaziwa, pole ndugu yangu, na kwanza kabla ya yote LIPA MWEZI HUU. Benki haijali gari iko wapi, mkataba wako ni wa pesa, gari ilikuwa dhamana tu. Ukipitisha siku 30 wanakuripoti, skoo yako inaanguka, halafu utaenda kukopa gari nyingine kwa riba mbaya kuliko hii. Na kwenye hiyo 11,100 iliyobaki kwa riba yako, kila siku inaingia kama dola 4. Madai ya gepu yanaweza kuchukua wiki sita au zaidi, na mikataba mingi inahesabu deni la siku ya ajali tu, riba ya baada ya hapo ni yako.

Dada Njeri, hiyo unayoisema ni ya mkopaji akifariki au akipata ulemavu. Gari ikifa mkopaji akiwa mzima hiyo hailipi kitu. Ni vitu viwili tofauti.

Kijana wa Temeke uko nusu sawa. Gepu inafunika tofauti, ila sio tofauti unayoiona kwenye simu ukipiga benki. Nimefanya kazi ya kupokea haya madai kwenye kredit yunioni miaka kadhaa na kitu kinachowaumiza watu ni hicho hicho, mtu anakuja na hesabu yake ya kichwani halafu anapata barua yenye namba nyingine.

Mwanaziwa nitafutie mkataba wa GAP wenyewe, ile karatasi ya kurasa mbili tatu iliyoambatanishwa na mkopo, sio mkopo. Niambie vitu vitatu: inasema kiwango cha juu ni asilimia ngapi ya thamani ya gari, inafunika didaktibo au hapana, na inasemaje kuhusu malipo yaliyoahirishwa.

Mwanaziwa_Houston
Asante sana dada Madai, au ni kaka? Nimelipa leo kupitia app. Nimeipata karatasi. Asilimia 150. Didaktibo inafunikwa mpaka 1,000. Hayo mengine imeandikwa kwa maandishi madogo sana, inasema haihusiki na malipo yaliyochelewa, faini, na "kiasi kilichoongezeka kutokana na kuahirisha au kuongeza muda", ndivyo nilivyoelewa mimi.

Madai_Minneapolis
Ni dada, haina shida.

Hiyo 150 ni habari njema kwako. Gari ilikuwa na thamani ya 24,000 siku ya kununua na ulikopa 32,200, ni kama asilimia 134, kwa hiyo uko chini ya dari. Wengi hawana bahati hiyo.

Sasa hesabu yenyewe. Kampuni ya gepu haianzi na ile 29,000 ya benki. Inachukua ratiba ya mkopo kama ilivyoandikwa siku ya kwanza, inauliza kama huyu mtu angelipa kila mwezi kwa wakati leo angekuwa anadaiwa ngapi. Kwa mkopo wako, baada ya malipo 14 ni kama 27,700. Ile miezi miwili uliyoruka kwa ruhusa ya benki haikukupa doa kwenye kredit, ila riba iliendelea kuzaa na mtaji haukushuka, ndiyo maana benki wana 29,000. Hiyo tofauti ya 1,300 gepu haiigusi.

Halafu inatoa malipo ya bima, lakini hapa angalia vizuri. Bima wamelipa 17,900. Gepu itahesabu kana kwamba wamelipa 18,600, kwa sababu ile 700 ya bampa ni uharibifu wa zamani na karibu kila mkataba nilioshika unasema makato ya uharibifu wa zamani hayafunikwi. Didaktibo wanaifunika kwa hiyo hiyo 1,000 iko salama.

Halafu inatoa waranti. Ile waranti ya 2,400 bado ina muda mrefu, ukiifuta leo unarudishiwa sehemu ambayo haijatumika, kwa hesabu ya muda ni kama 1,900 ingawa wengine wanahesabu kwa maili ulizotembea na ikawa pungufu. Kampuni ya gepu inatoa hiyo 1,900 IWE UMEIDAI AU HUJAIDAI. Kwao hiyo ni pesa inayopaswa kupunguza deni.

Kwa hiyo 27,700 toa 18,600 toa 1,900 inabaki 7,200. Hiyo ndiyo cheki ya kuitegemea, sio 11,100. Benki wakipokea 7,200 pamoja na 1,900 ya waranti unabaki na 2,000 juu yako, yaani ile 1,300 ya kuruka na 700 ya bampa, pamoja na hizo dola 4 za kila siku. Ile 645 uliyolipa leo haijapotea, inakula humo humo.

Mwanaziwa_Houston
Duh. Kwa hiyo waranti nisipoifuta mimi ningebaki na karibu 4,000 na hakuna ambaye angeniambia?

Madai_Minneapolis
Ndiyo. Dila hana sababu ya kukukumbusha, pesa iko kwake. Nenda kesho na barua ya bima inayoonyesha gari imekufa, jaza fomu ya kufuta waranti, omba nakala yenye tarehe. Pesa itaenda benki moja kwa moja sio kwako, ni sawa. Baada ya wiki tatu piga benki uulize kama imeingia. Isipoingia mrudie dila, kisha kampuni ya waranti yenyewe, jina lake na simu vipo kwenye mkataba.

Spana_Mkononi
Mimi nafanya bodi na rangi huku Fort Worth. Kabla hujakubali hiyo 19,600 omba ripoti yote ya thamani, hizi kampuni za bima zinanunua ripoti kutoka CCC au Mitchell, ni kurasa kumi na kitu, ndani kuna magari matatu manne waliyolinganisha na lako. Angalia kama trimu ni yenyewe, kama walihesabu ngozi, sanrufu, tairi mpya. Nimeona ripoti gari ya fo-wili imelinganishwa na tu-wili. Unaweza kupandisha dola elfu moja hivi hivi kwa kuwatumia matangazo ya magari sawa yanayouzwa karibu na wewe.

Madai_Minneapolis
Spana uko sahihi kuhusu ripoti, ila kwa mtu mwenye gepu jiulize hiyo elfu moja inakwenda kwa nani. Thamani ikipanda kutoka 19,600 kwenda 20,600, bima analipa elfu zaidi na gepu analipa elfu pungufu. Mwanaziwa mfukoni hapati kitu, anabaki na 2,000 ile ile. Kupigania thamani kunakusaidia pale ambapo gepu yako ina dari na umeshaigonga, au huna gepu kabisa. Yeye apiganie ile 700 ya bampa, hiyo ndiyo inayotoka kwake dola kwa dola.

Mwanaziwa, hiyo bampa ilikuwaje?

Mwanaziwa_Houston
Ilibonyea kidogo kwenye parking ya duka, ila niliitengeneza mwaka jana! Kuna jamaa alinivutia nje nikamlipa 250. Alama ilibaki ndogo ya rangi tu.

Spana_Mkononi
Aisee hiyo 700 ni bei ya bampa nzima na rangi. Kama ulitengeneza tafuta risiti, hata ujumbe wa Zelle unaoonyesha ulimlipa, na picha yoyote ya nyuma ya gari kabla ya mafuriko. Picha za harusi, za kanisani, popote gari ilipotokea. Watumie na uwaambie waonyeshe makadirio ya hiyo 700 mstari kwa mstari. Hawakatai kirahisi ukileta picha yenye tarehe.

Abuu_Dearborn
Mimi huwa nawaambia watu GAP ya dila ni wizi. 900 ndani ya mkopo wa asilimia 12.9 kwa miaka sita unaishia kulipa zaidi ya 1,200. Kampuni ya bima yako inakuongezea kitu hicho hicho kwa dola chache kwa mwezi na unaitoa muda wowote. Acheni kununua vitu kwenye ile ofisi ya fainansi ukiwa umechoka na njaa.

Madai_Minneapolis
Kuhusu bei nakuunga mkono kaka Abuu. Na kredit yunioni nazo huwa bei ya chini kuliko dila, mara nyingi nusu.

Ila sio kitu hicho hicho. Ya kampuni ya bima ina dari ndogo. Progressive kwa mfano wanaishia asilimia 25 ya thamani ya gari siku ya ajali. Chukua gari ya Mwanaziwa, robo ya 19,600 ni 4,900. Yeye anahitaji 7,200. Angebaki na 2,300 nyingine juu ya ile 2,000. Na nyingi za namna hiyo haziwezi kufunika deni la gari la zamani lililobebeshwa, ambalo kwake lilikuwa 4,000. Kwa mtu aliyetoa dipoziti nzuri na hajabebeshwa kitu, ya bima inatosha kabisa na mimi mwenyewe ningeichukua hiyo. Kwa aliyebebeshwa, ile ya mkopo ndiyo inafika, ila asome dari kwanza.

Mama_Taji_Columbus
Hilo la dari mimi ninalijua vizuri. Yangu ilikuwa asilimia 125. Tulikuwa na gari mbili za zamani tukazirudisha zote mbili kwa dila mmoja, deni la zote likaingia kwenye van moja. Van ikagongwa na mtu aliyepita taa nyekundu. Kampuni ya gepu wakaandika kwamba mkopo ulizidi 125 tangu siku ya kwanza kwa hiyo sehemu iliyozidi hawahusiki nayo, wakapunguza malipo. Tulilipa 3,000 na kitu kwa awamu kwa ajili ya gari ambayo haipo. Aliyetuuzia aliona namba zote mbili kwenye skrini yake wakati tunasaini, na hakusema. Hiyo bado inaniuma.

Abuu_Dearborn
Pole dada. California waliliona hilo, tangu 2023 sheria yao inakataza dila kukuuzia GAP kwa bei inayozidi asilimia 4 ya mkopo, na hawaruhusiwi kukuuzia kama mkopo wako umeshapita kiwango ambacho hiyo GAP inafunika. Majimbo mengi hayana hilo.

Mteja_Mwema
Wadau nauliza tofauti kidogo. Mimi nilichukua gari kwa dila nikanunua GAP, baada ya mwaka nikahamishia mkopo kredit yunioni kwa riba ndogo. GAP yangu iko palepale si ndiyo?

Madai_Minneapolis
Hapana mkuu. Ile GAP ilikuwa imefungwa kwenye mkopo wa kwanza, mkopo ulipolipwa na kredit yunioni nayo ikafa. Leo hii huna gepu isipokuwa ulinunua mpya. Habari nzuri ni kwamba unadai sehemu ya muda ambao haukutumika. Andika kwa dila na kwa benki ya kwanza, taja tarehe mkopo ulipolipwa, ambatanisha barua ya kumaliza deni. Safari hii pesa ni yako mwenyewe kwa sababu deni lao limeisha.

Na usikubali wakikuambia "tutaangalia". Novemba 2023 shirika la serikali la kulinda wateja wa fedha, CFPB, waliiamuru Toyota Motor Credit ilipe dola milioni 60, ndani yake kama milioni 48 zikiwa za wateja, kwa kuwazungusha watu waliotaka kufuta vitu hivi ikiwemo GAP na kwa kutorudisha pesa inavyotakiwa, ingawa amri hiyo CFPB waliiondoa 2025. Kwa hiyo tatizo lako lina historia.

Kijana_wa_Temeke
Huku Bongo hii GAP ipo jamani? Nina mkopo wa benki wa kirikuu, bima kubwa nakata kila mwaka.

Bima_Kariakoo
Mimi ni wakala hapa Dar, sijawahi kuuza hiyo kwa mtu binafsi. Kwako cha kuangalia ni thamani iliyoandikwa kwenye bima. Watu wanashusha thamani ili walipe primiamu ndogo, gari ya milioni 20 inaandikwa 14. Ikifa, bima haivuki 14, na hata ajali ndogo wanaweza kukulipa kwa uwiano, sehemu nyingine unajibebea. Kuandika juu kuliko soko nako hakusaidii maana wanalipa bei ya soko ya siku hiyo. Kwa hiyo gepu la deni huku unalibana mwanzoni, kwa dipoziti kubwa na muda mfupi wa mkopo.

Njeri_Thika
Sawa nimeelewa sasa. Nimetoa karatasi zangu kweli inasema kifo na ulemavu wa kudumu peke yake. Gari ikiibiwa nabaki na benki 😳. Nitauliza broka wangu Jumatatu.

Mwanaziwa_Houston
Mrejesho wakuu. Bampa: nilipata picha ya Idi gari ikiwa nyuma yetu, na rekodi ya Zelle ya 250. Adjasta amekubali, kutoka 700 wamebakisha 150, wamewatumia benki 550 za nyongeza. Spana Mungu akubariki.

Waranti: dila alinizungusha mara ya kwanza akasema mpaka gepu walipe kwanza. Nikarudi na barua, nikaomba nakala ya fomu yenye tarehe kama dada Madai alivyosema, sasa wamepokea.

Gepu: wameomba mkataba wa mkopo, barua ya bima, ripoti ya thamani, nakala ya cheki na historia yote ya malipo kutoka benki. Nimetuma vyote. Ila mtu wa kwenye simu ameniambia ile miezi miwili "inategemea", kwa sababu benki ndio waliotoa ruhusa kwa barua. Inawezekana wakaihesabu?

Madai_Minneapolis
Hongera kwa bampa, hiyo imeshuka vizuri.

Kuhusu miezi miwili siwezi kukuahidi. Nimeona mikataba inayosema waziwazi haihesabu, na nimeona mmoja uliosema salio ni la ratiba "kama ilivyorekebishwa na mkopeshaji". Wako ulivyounukuu unaelekea kule kwa kwanza. Tuma hata hivyo ile barua ya benki pamoja na maombi, na wakikataa waombe wataje kifungu kwa maandishi. Jaribu pia kumuomba benki asamehe riba ya hiyo miezi, ni jambo wanalolifanya mara moja moja kwa mtu ambaye hajachelewa.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kwenye mkataba wako, mara nyingi ni siku 90 tangu bima walipe, na karatasi moja ikikosekana saa inaendelea kutembea. Piga kila wiki, andika jina la uliyeongea naye.

Spana_Mkononi
Na akikataliwa kabisa Texas anakwenda wapi, kwa watu wa bima wa jimbo?

Madai_Minneapolis
Kwa upande wa kampuni ya bima ya gari ndiyo, Texas Department of Insurance. Gepu ya dila sio bima kisheria, ni kipengele cha mkopo, malalamiko yake huko Texas yanakwenda OCCC, ofisi ya jimbo inayosimamia mikopo, na CFPB kwa wote. Watu wanapeleka ofisi isiyo sahihi wanakaa miezi.

Mwanaziwa_Houston
Nimeandika yote. Wakijibu kuhusu ile miezi nitaleta barua yao hapa nikifuta majina. Mwezi ujao nalipa tena kama kawaida tarehe ikifika.

Mama_Taji_Columbus
Lete mkuu, tunaisubiri. Na mimi nimetoa mkataba wangu wa zamani kwenye droo, nataka nisome wanasemaje kuhusu hiyo ratiba.